UZI: Ofa mbili mezani, Karen 145,000 au Ruaraka 120,000, nami naishi Ruiru

MamaWaRuiru · Jumanne, 9 Septemba 2025, saa 3:40 usiku

Hamjambo wanajukwaa. Nina jambo linaninyima usingizi na mume wangu amechoka kulisikia, kwa hiyo nimeona niwasumbue nyinyi.

Mimi ni mhasibu. Nimepata ofa mbili ndani ya wiki moja, baada ya miezi minane ya kupigia watu simu wasishike. Ya kwanza iko Karen, shilingi 145,000 kwa mwezi. Ya pili iko Ruaraka, 120,000. Kazi zenyewe zinafanana, vitabu na ushuru, na siku ni Jumatatu hadi Ijumaa kote kuwili. Tunaishi Ruiru, nyumba ya vyumba viwili vya kulala, kodi 22,000. Mume anafanya kazi kiwandani Thika siku sita kwa wiki. Kifungua mimba yuko gredi ya 3 shule ya hapa karibu, mdogo ana miaka miwili. Kuna mama jirani anakuja kunishikia watoto asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni, namlipa 600 kwa siku.

Kwa macho tu Karen inashinda kwa 25,000. Lakini moyo unasita. Ruaraka wanataka jibu Ijumaa. Nisaidieni kupiga hesabu.

---

Tosha_Bwana · saa 3:52 usiku

Dada, ujue 145 itakupandisha daraja la kodi. Serikali inakula yote. Nimewaona watu walioongezwa mshahara wakarudi nyumbani na pesa kidogo kuliko mwanzo. Chukua 120 utulie.

---

Mzee_wa_Makato · saa 4:15 usiku

Tosha, hapo sikubaliani nawe, na nimekaa meza ya mishahara miaka 14. Kiwango cha juu hukata ile sehemu inayozidi tu, hakirudi nyuma kula pesa za chini. Tena hawa wawili wako daraja moja. Asilimia 30 huanza juu ya 32,333 na kwenda hadi 500,000. Karen na Ruaraka zote ziko humo ndani.

Mama Ruiru, ngoja nikutolee ya Ruaraka polepole. Katika 120,000 wanatoa kwanza NSSF 4,320, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa mwaka huu wa 2025, kisha SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 3,300, kisha ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 1,800. Tangu mwisho wa Desemba 2024 zote tatu hutolewa kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo PAYE inapigwa juu ya 110,580. Ukishaondoa nafuu ya 2,400, PAYE ni kama 25,560. Mkononi unabaki na 85,020 hivi.

Ya Karen kwa njia hiyohiyo inakupa kama 101,780.

Tofauti yake mkononi ni kama 16,750, wala si 25,000. Ukitaka njia ya mkato, kwa mtu wa mshahara wako kila elfu moja wanayokuongeza huleta 670 nyumbani. Ishike hiyo 670, tutairudia.

---

MamaWaRuiru · saa 4:21 usiku

Asante Mzee. Ninalipa pia mkopo wa sako 8,500 kila mwezi. Niuweke wapi?

---

Mzee_wa_Makato · saa 4:24 usiku

Popote uendapo utaulipa. Kinachofanana pande zote mbili kifute, kitakuchanganya bure. Andika kinachobadilika peke yake: nauli, mtu wa watoto, kodi ya nyumba kama utahama, na saa zako.

---

Kijana_Rongai · saa 4:40 usiku

Mimi niliwahi kufanya kazi Roysambu nikitokea Rongai, miaka miwili. Watu hufikiria nauli kumbe nauli ndiyo ndogo. Kuna ile chai ya mjini kwa sababu uliondoka nyumbani usiku. Kuna chipsi za saa mbili usiku ukisubiri foleni ipungue. Kuna boda kutoka stendi kwa sababu giza limeingia na unaogopa kutembea. Na siku ya mvua makanga anasimama mlangoni anakutangazia bei mpya kama mnada. Mimi nilikuwa nikiandika nauli 8,000, lakini nilipochunguza taarifa ya M-Pesa ya mwezi mmoja nikakuta 13,000 na zaidi zimeishia barabarani.

Kabla hujaamua, nenda Karen Jumatano au Alhamisi kwa saa za kazi, asubuhi na jioni. Usiende Jumapili ukadanganyika.

---

Pwani_Mpole · saa 5:02 usiku

Kwani dada unahama Thika kuja Nairobi? Thika kodi ni nafuu, ningekushauri ubaki hukohuko utafute kazi za karibu.

---

MamaWaRuiru · Jumatano, saa 11:20 alfajiri

@Pwani_Mpole hapana, tuko Ruiru, ni mume anayefanya kazi Thika.

@Kijana_Rongai umenipa wazo. Ninaondoka sasa hivi kwenda Karen kujaribu. Nitaleta habari.

---

MamaWaRuiru · Jumatano, saa 3:10 usiku

Nimerudi na miguu imevimba.

Asubuhi: Ruiru hadi mjini 120, kutoka mjini hadi Karen 100. Nimetoka mlangoni saa kumi na moja na nusu, nimefika geti la ofisi karibu saa mbili. Jioni: Karen hadi mjini 100, mjini hadi Ruiru 150. Nimetoka saa kumi na moja, nimeingia nyumbani saa moja na nusu na dakika kadhaa. Jumla 470 kwa siku na saa tano barabarani, na leo hakukunyesha.

Ruaraka naijua, nilifanya kibarua huko zamani. Kwenda 80, kurudi 100, nashuka Allsops natembea. Dakika hamsini hivi kila upande.

Halafu nimezungumza na yule mama jirani anayenishikia watoto. Anasema kukaa hadi saa mbili na nusu usiku ataongeza 200 kwa siku, na mtu amsindikize kwake. Simlaumu.

---

Tosha_Bwana · saa 3:25 usiku

Hapo kwa mtoto tafuta msichana wa kulala humo humo, kuna wanaokubali 8,000. Tatizo limeisha. Na nauli waambie Karen wakuandikie 100,000 mshahara na 45,000 marupurupu ya usafiri. Marupurupu hayakatwi kodi.

---

Mzee_wa_Makato · saa 3:48 usiku

Tosha bwana, leo utanimaliza.

Marupurupu ya usafiri yanayolipwa kwa pesa taslimu kila mwezi hukatwa kama mshahara. Ukigawa 145,000 vipande kumi, KRA wanaviunganisha tena, na SHIF na ushuru wa nyumba vivyo hivyo. Hapo umepata nusu ya ukweli. Mwajiri akikutuma kazini nje ya kituo chako akakurudishia gharama kwa risiti, hiyo ni gharama yake. Safari ya kutoka kitandani mwako kwenda ofisini ni yako wewe.

Kuhusu 8,000, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi ni 16,113.75 tangu Novemba 2024, na cha kwenu Ruiru ni pungufu kidogo tu, bado mbali na 8,000. Najua wengi hawalipi. Ila mtu asipange bajeti yake juu ya jambo ambalo siku moja litampeleka kwa afisa wa kazi.

Sasa mama, hesabu. Siku 22 za kazi. Karen nauli 10,340, Ruaraka 3,960, tofauti 6,380. Mama wa watoto anaongeza 4,400. Ukitoa hizo katika 16,750 unabaki na 5,970. Bado Karen inaongoza, lakini si yule farasi uliyemleta jana.

Nina swali moja. Barua ya Karen inasemaje hasa? Ni mshahara kabla ya makato, au wameandika gharama yote ya mwajiri? Isome neno kwa neno.

---

MamaWaRuiru · saa 4:05 usiku

Subiri nitafute miwani.

Imeandikwa kwamba 145,000 ni "gharama yote ya mwajiri kwa mwezi, pamoja na michango ya lazima ya mwajiri". Nilidhani ni maneno ya kawaida ya mawakili. Ya Ruaraka imeandika mshahara wa 120,000 kabla ya makato, basi.

---

Mzee_wa_Makato · saa 4:19 usiku

Nilikuwa nanusa hicho. Si wizi, ni njia yao ya kuandika, lakini inawanasa watu wengi.

Mwajiri naye hulipa NSSF 4,320 kwa ajili yako, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ya mshahara wako. Kwa kawaida hulipa juu ya mshahara. Hawa wamevitia ndani ya 145,000. Toa 4,320, halafu gawanya kwa 1.015. Mshahara wako halisi kabla ya makato ni kama 138,600. Mkononi ni 97,480 hivi, si 101,780.

Rudia hesabu: 97,480 kutoa 85,020 ni kama 12,450. Toa nauli 6,380, toa 4,400 ya mama wa watoto. Unabaki na 1,670.

Na kwa hiyo 1,670 unatoa nini? Ruaraka uko barabarani chini kidogo ya saa mbili kwa siku, tuseme saa moja na dakika arobaini na tano. Karen ni saa tano. Tofauti ya saa tatu na robo kwa siku 22 ni saa 71 na nusu. Kila saa ya ziada barabarani unalipwa shilingi 23.

---

Kijana_Rongai · saa 4:23 usiku

Shilingi 23! Hata chapati hainunuliki siku hizi.

---

Wanjiru_wa_Ploti · saa 4:50 usiku

Naomba niingie hapa maana nimekodisha nyumba miaka mingi upande wa Ngong. Watu wa Karen wengi huishi Ngong, Kiserian au Rongai. Kwa nini usihame? Vyumba viwili vya kulala Ngong mjini unapata kwa 28,000, maji ya kisima, na hadi Karen ni 60 tu. Shida yako si kazi, shida yako ni kung'ang'ania Ruiru.

---

MamaWaRuiru · saa 5:08 usiku

Nimejaribu hilo kwenye karatasi, mama. Nauli yangu ingeshuka hadi 2,640, yaani ninaokoa 7,700. Mama wa watoto hangehitaji ile 4,400. Jumla naokoa 12,100. Kodi inapanda kwa 6,000. Hadi hapo mambo safi, nina 6,100 mkononi.

Halafu nikamkumbuka Baba Ken. Leo anatumia 160 kwenda Thika na kurudi. Kutoka Ngong ni 250 kwenda na 250 kurudi. Tofauti ya 340 kwa siku 26 ni 8,840. Kwa hiyo familia inapoteza 2,740 kwa mwezi, na yeye zamu yake huanza saa moja asubuhi. Angelala kiwandani.

---

Mzee_wa_Makato · saa 5:20 usiku

Umepiga vizuri. Safari ile ile imemhamia mwenzako, na imerefuka njiani.

Na ungekuwa hata huna mume Thika, usihame nyumba ukiwa kwenye majaribio. Sheria ya ajira inaruhusu majaribio hadi miezi sita, na katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba. Umeshalipa depoziti Ngong, umeshalipa lori, mtoto umeshamnunulia sare mpya katikati ya mwaka, halafu siku saba. Nimeandaa hesabu za mwisho za watu wa aina hiyo, na hakuna anayetabasamu.

---

Wanjiru_wa_Ploti · saa 5:31 usiku

Sawa, hilo la mume sikulijua. Lakini wapo wanaokaa katikati. Ruaka kwa mfano, unazunguka na baipasi hadi Karen bila kuingia mjini.

---

Kijana_Rongai · saa 5:36 usiku

Baipasi ni ya mwenye gari mama. Matatu za kuzunguka kule utabadilisha mara tatu.

---

Otis_Umoja · Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Nyote mnahesabu mwezi huu. Mimi nahesabu miaka mitano. Mwajiri anayefuata atakuomba peislipi ya mwisho, na atakuongeza asilimia fulani juu ya ile anayoiona. 138 ikiongezwa asilimia ishirini ni 166. 120 ikiongezwa hivyo ni 144. Nilichukua kazi ya karibu na nyumbani mwaka 2019 kwa sababu ya mtoto, na hadi leo ninakimbizana na wenzangu tuliosoma nao. Nauli ni ya muda. Mshahara wa msingi unakufuata.

---

Shangazi_Mwiki · saa 1:40 asubuhi

Otis, mtoto wa miaka miwili naye ni wa muda.

---

Otis_Umoja · saa 1:44 asubuhi

Sijakataa, shangazi. Nimesema tu kila upande una gharama yake.

---

Mzee_wa_Makato · saa 2:05 asubuhi

Otis ana hoja na sina hesabu ya kuipinga. Peislipi kweli huombwa. Ila sijui kama mama huyu ataweza kukaa Karen miaka mitano kwa safari hiyo, na faida yako inategemea kukaa.

Mama, kuna jambo sijaona mtu akiligusa. Usiwaombe Karen pesa, waombe siku. Kazi ya uhasibu siku hizi nusu yake ni kompyuta. Ukipata siku mbili kwa wiki za kufanyia kazi nyumbani, hizo ni kama siku 9 kwa mwezi. Ofisini utaenda siku 13. Nauli yako ya Karen inakuwa 6,110, tofauti na Ruaraka ni 2,150 tu. Mama wa watoto anachukua nyongeza ya 2,600. Katika ile 12,450 unabaki na 7,700. Saa za ziada barabarani zinashuka kutoka 71 hadi 26 na nusu. Ile shilingi 23 imekuwa 290.

Na hapa ndipo ile 670 inarudi. Siku hizo mbili zimekuokolea 6,030. Kuipata hiyo mkononi kwa njia ya mshahara, ingebidi wakuongeze 9,000 kabla ya makato. Wao siku haziwagharimu 9,000. Wewe KRA hawakukati nauli ambayo hukuilipa.

---

Tosha_Bwana · saa 2:20 asubuhi

Mzee hii nimeikubali. Ila stima ya Ruiru ikipotea siku ya kufanyia nyumbani?

---

MamaWaRuiru · saa 2:31 asubuhi

Tosha 😂 hapo umenena. Wiki jana ilipotea mara mbili. Nitawapigia leo mchana.

---

Shangazi_Mwiki · saa 7:10 mchana

Ukipiga, uliza na bima ya matibabu ni ya nani. Mwanangu alifurahia kazi fulani, kumbe bima ni yake peke yake. Watoto wawili wakishikwa na kikohozi Julai, utaijua hospitali kwa jina.

---

MamaWaRuiru · Alhamisi, saa 1:05 usiku

Nimeongea nao.

Afisa wa rasilimali watu wa Karen ni mtu mzuri, hakukasirika. Kuhusu ile 145,000 amesema ndivyo walivyoandika kwa kila mtu na hawawezi kubadilisha. Siku mbili za nyumbani anasema zinawezekana "baada ya majaribio, kwa makubaliano na bosi wako". Nikamwuliza kama ataliandika kwenye barua. Akasema huwa hawaandiki mambo hayo.

Bima: Karen inamgusa mume na watoto, kulazwa na kutibiwa bila kulazwa. Ruaraka ni mimi na watoto, kulazwa tu. Kwa hiyo kuna kitu upande wa Karen ambacho hatukukihesabu. Mwaka huu peke yake tumelipa kliniki ya mdogo kama 14,000 kutoka mfukoni.

---

Kijana_Rongai · saa 1:20 usiku

14,000 kwa miezi minane na kitu. Ni kama 1,700 kwa mwezi. Ongeza upande wa Karen.

---

Mzee_wa_Makato · saa 1:33 usiku

Iongeze, ni haki. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza bila siku za nyumbani, Karen inakuachia kama 3,370, sawa na shilingi 47 kwa kila saa ya barabarani. Baada ya hapo, kama bosi atakubali, mambo ni mengine kabisa. Lakini hiyo "kama" haimo kwenye barua. Ahadi ya mdomo ya afisa wa ajira mimi huipa thamani ya sifuri kwenye karatasi, hata akiwa mtu mzuri. Yeye naye anaweza kuhama.

---

Otis_Umoja · saa 1:41 usiku

Mimi ningempa huyo bosi mtarajiwa simu moja. Si afisa, bosi mwenyewe. Muulize timu yake leo wanafanyaje kazi. Kama wenzako watatu tayari hukaa nyumbani Jumatatu, hiyo si ahadi tena.

---

Wanjiru_wa_Ploti · saa 1:50 usiku

Na Ruaraka umewaomba chochote? Au hao umewaacha tu na 120 yao?

---

MamaWaRuiru · saa 2:15 usiku

Mama Wanjiru umenigonga penyewe. Ruaraka sikuwaomba kitu, nilikuwa nawaza Karen tu. Nimewaandikia sasa hivi. Nimeomba jibu langu liwe Jumatatu badala ya kesho, na kama wanaweza kufika 127,000. Kwa ile njia ya Mzee, elfu saba zao zinaniletea 4,690, na hapo Karen ya miezi sita ya kwanza inabaki nyuma hata ukiweka bima.

Bosi wa Karen nitampigia kesho asubuhi kabla ya saa nne. Baba Ken anasema yeye anachotaka ni mtu wa kumfungulia mlango jioni.

---

Tosha_Bwana · saa 2:19 usiku

Wakikataa 127 je?

---

MamaWaRuiru · saa 2:26 usiku

Bado sijui, Tosha. Nitarudi hapa Jumatatu.